Barua kwa mwanangu: maombi ya kazi kwa maneno 200

"Mama, shikamoo. Nimeona tangazo la Afisa Mradi hapa Dodoma, shirika linaloendeshwa kwa fedha za wafadhili. Wanataka uzoefu wa ripoti, bajeti na kazi za vijijini, ila barua pepe isizidi maneno 200. Mimi nina miezi 18 tu kule Chamwino. Naanzia wapi?"

Marahaba mwanangu.

Anzia kwenye yale mafunzo ya mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka. Unakumbuka ulivyorudi nyumbani jioni ile na matope hadi magotini, ukasema korongo limejaa na kijiji cha tatu hamkufika hadi saa sita mchana? Siku hiyo moja ina ripoti, ina bajeti, ina kijiji. Usiandike sentensi tatu za "nina uzoefu wa hiki, nina uzoefu wa kile". Nimekaa upande wa kusoma maombi miaka mingi, na sentensi hizo zilikuwa zinafanana kiasi kwamba ukifunika majina huwezi kujua nani ni nani. Msomaji wa shirika la aina hiyo anatafuta kitu kimoja: je, huyu anajua kwamba fedha iliyotoka, watu waliofikiwa na maneno ya ripoti ni jambo lilelile?

Ndiyo maana hesabu yako lazima ikubaliane. Uliniambia mlipanga vijiji vitatu, wakulima 40 kila kijiji, siku mbili. Viwili vya kwanza walikuja wote. Cha tatu walikuja 24, na siku ya pili mkaifuta. Kwa hiyo mmefikia 104 badala ya 120. Sasa njoo kwenye pesa. Chakula na nauli vilikuwa 7,500 kwa mtu kwa siku. Watu 16 ambao hawakuja siku ya kwanza ni 120,000. Siku ya pili iliyofutwa, watu 40, ni 300,000, na kukodi viti siku hiyo 30,000. Jumla 450,000, na ndizo ulizorudisha kwa mhasibu kati ya masurufu ya 4,800,000. Mtu wa fedha akisoma 104 na 450,000 katika aya moja atazipigia hesabu kichwani, na akikuta zinaoana ameshakuita kwenye usaili. Ungeandika kwamba umefikia watu 104 lakini pesa yote imekwisha, angejiuliza za wale wengine zilikwenda wapi.

Jambo la pili ni vitenzi. Usiandike "nilisimamia bajeti". Hukusimamia bajeti, ulipokea masurufu, ukayatumia, ukayarejesha kwa stakabadhi. Hilo si dogo. Mimi niliwahi kuandika kwamba nimesimamia bajeti ya milioni 300, nikiwa kijana kama wewe. Kwenye usaili mzee mmoja akaniuliza kwa upole ni kasma gani ilizidi mwaka ule, na nani aliidhinisha kuhamisha fedha kutoka kasma nyingine. Sikujua, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuandaa hati za malipo na kuzipeleka kusainiwa. Nilitoka pale nikiwa mwekundu masikioni, na kazi sikuipata.

Ripoti vilevile. Uliandika rasimu, meneja akaihariri. Sema hivyo hivyo. Watampigia simu.

Halafu kuna kitu ambacho wewe hukioni kuwa ni cha thamani, na mimi ndicho ningekiweka mbele. Agosti, mtama ukiwa umeshaingia ndani, ulirudi kwenye kaya 40 kuangalia mifuko. Ukakuta 27 wamefunga sawasawa, yaani kila mfuko wa plastiki wa ndani umefungwa peke yake, kisha wa nje. Wengine 13 walikuwa wamekusanya matabaka yote matatu wakayafunga kwa kamba moja, hewa ikawa inaingia, na wadudu wakapata pa kupumulia. Mafunzo kwa watu 104 ni shughuli iliyofanyika. Kaya 27 kati ya 40 ni mabadiliko yaliyoonekana, na mfadhili analipia hayo ya pili. Tena uliyagundua kwa kufungua mifuko, hukuuliza tu mkulima kama anaitumia. Kila mtu akiulizwa anasema anaitumia.

Nimekuandikia mfano. Ubadilishe uwe sauti yako:

*Ndugu Afisa Rasilimali Watu,*

*Naomba nafasi ya Afisa Mradi, Dodoma. Kwa miezi 18 nimekuwa msaidizi katika mradi wa hifadhi ya nafaka wilayani Chamwino.*

*Machi mwaka jana niliratibu mafunzo ya mifuko ya kinga njaa katika vijiji vitatu. Tulilenga wakulima 120, tukafikia 104, kwa kuwa mvua ilifunga njia ya kijiji cha tatu na siku ya pili ikafutwa. Kati ya masurufu ya shilingi 4,800,000 nilitumia 4,350,000, nikarejesha 450,000 na stakabadhi zote ndani ya siku saba. Niliandika rasimu ya ripoti ya robo mwaka, meneja wangu akaihariri kabla ya kwenda kwa mfadhili.*

*Agosti nilikagua mifuko katika kaya 40 zilizofundishwa: 27 zilikuwa zimefunga sawasawa. Kosa la zile 13 lilikuwa moja, nasi tukaliongeza kwenye somo lililofuata.*

*Wasifu wangu umeambatanishwa. Meneja wangu amekubali kuulizwa.*

Hayo hayafiki maneno 120, kwa hiyo una nafasi ya kuongeza sentensi moja au mbili. Ningeongeza ile ya mama lishe. Hakuwa na mashine ya EFD, na mhasibu wenu alikuwa amekataza malipo yasiyo na risiti. Kabla ya kwenda ukakubaliana na mhasibu kwamba mama lishe atasaini hati ya malipo yenye jina na namba ya simu, na mtendaji wa kijiji ashuhudie. Neno "kabla" ndilo la kusisitiza hapo. Anayekwenda kijijini kwanza na kutafuta ruhusa akirudi, kila mhasibu anamjua.

Kwenye mada ya barua pepe weka jina la nafasi, namba ya tangazo kama ipo, na jina lako kamili. Wasifu uwe PDF wenye jina lako, usiwe "CV mpya ya mwisho 2". Nakujua.

Na tafadhali usiambatanishe ile ripoti, wala orodha ya mahudhurio. Ripoti ni mali ya shirika lililokuajiri, na orodha ina majina, simu na sahihi za wakulima. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuzisambaza bila ruhusa yao ni kujitafutia matatizo, na shirika makini likiziona kwenye maombi yako litajua utazifanyia nini na zake. Wakitaka sampuli ya uandishi wako, omba ruhusa kwa meneja, ufute majina, utume kurasa mbili.

Nitumie rasimu yako kabla ya Ijumaa. Usiitume kwa picha ya simu, macho yangu si ya zamani.

Mama yako