Kabla hujaandika kwamba ujamaa ulishindwa: kwa mnaoanza utafiti wa vijiji

Msimu wa rasimu umefika, na kila bahasha ninayofungua ina sentensi ileile: "Vijiji vya ujamaa vilishindwa kwa sababu wananchi walilazimishwa." Wadogo zangu, si uongo. Ila msomaji anabaki hajui ni vijiji vya mwaka gani, wananchi wa wapi, wala kilichopungua ni mahindi, korosho au uvumilivu wa watu. Niandike yote hapa, ili msije mlangoni mmoja mmoja na swali lilelile.

1. Taja mwaka kabla ya kutaja sababu.

Waraka wa Mwalimu wa Septemba 1967, ule wa Ujamaa Vijijini, ulisisitiza hiari: watu washawishike, waanze kidogo, wajiamulie. Na walikuwapo waliokwisha kuanza bila kusubiri waraka. Kule Songea, vijana wa TANU walikuwa Litowa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakilima pamoja na kuendesha shule yao, na vijiji vyao vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwaka 1969 TANU yenyewe ikakivunja. Viongozi wa mkoa hawakupenda vijiji vinavyojiamulia mambo bila kupitia kwao.

Kisha zikaja operesheni za kuhamishia watu vijijini, Rufiji na Dodoma zikitangulia. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na 1974 malori yakawa barabarani. Hapo ndipo wengi wenu mnapoteleza: amri ile ilihusu kuishi pamoja, haikuhusu kulima pamoja. Sheria ya 1975 ilitenganisha kijiji cha kawaida na kijiji cha ujamaa, na vingi mno vilibaki vya kawaida. Kwa hiyo ukiandika kwamba "kilimo cha pamoja kilishusha mavuno ya 1975", kwanza nionyeshe hilo shamba la pamoja liko wapi. Mara nyingi utakuta ekari chache pembeni mwa kijiji, na kila kaya inakula kutoka shambani kwake.

2. Sababu moja haitoshi kueleza anguko la zao. Fanyia kazi korosho.

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo mnaponiumiza kichwa. Mnakuta Tanzania ilipata tani kama 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, na katikati ya miaka ya 1980 haikufikisha hata tani 20,000. Mnaona 1974 ndio mwaka wa kuhama. Mnachora mshale, mnafunga daftari.

Mshale huo una ukweli, na ukweli wenyewe uko chini ya mkorosho. Korosho hazichumwi mtini. Zinaanguka zenyewe, unaziokota. Usipofyeka chini ya miti kabla hazijaanza kuanguka, zinapotelea kwenye majani, na unazowahi kuziona ngedere amekwisha kuzipitia. Tena moto wa kiangazi ukiingia kwenye pori hilo, unaunguza na miti. Mkulima aliyehamishiwa kijiji kilichopangwa kando ya barabara aliacha mikorosho yake kwenye mahame, saa moja au mbili kwa miguu. Mwenzenu mmoja alitaka kufanya mahojiano yake yote kwenye ofisi ya kijiji, kivulini. Mzee aliyekuwa akimhoji akamwambia, "Mjukuu wangu, twende nikakuonyeshe." Alirudi jioni ameshika viatu mkononi, na sura yake ya pili ikawa nzuri kuliko zote alizoandika. Alikuwa amekwisha kuelewa kwa nini mtu mwenye watoto, kibuyu cha maji na gunia la kubeba kichwani anaokota chini ya miti ya karibu na kuiacha ya mbali.

Lakini subiri. Ingekuwa kuhama peke yake, anguko lingekuja ghafla kisha lingetulia. Watu wangezoea umbali, au wangepanda mikorosho mipya karibu na kijiji, nayo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Badala yake uzalishaji uliendelea kuporomoka kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo kulikuwa na kingine, na kwa kweli vilikuwa viwili.

Cha kwanza ni bei. Mnunuzi alikuwa mmoja, Mamlaka ya Korosho, na vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ikazidi kupungua, huku duka la kijiji likikosa hata sabuni ya kununua kwa hicho alicholipwa. Kufyeka pori la mbali kwa malipo hayo ni hesabu isiyokubali, hata kwa mtu asiyehamishwa kabisa.

Cha pili ni ubwiriunga, uliotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni kuvu linaloshambulia majani machanga na maua. Ua linakuwa jeupe kama limenyunyiziwa unga, linakauka, halishiki tunda. Hapa sababu zinashikana mikono: mikorosho iliyobanana, isiyopogolewa wala kufyekewa, ndiyo inayoupa ugonjwa makao, na upepo unaupeleka hadi kwenye shamba la aliyejitahidi. Ukimhoji mkulima, muulize maua yalikuwaje. Akisema yalitoka mengi lakini hayakuzaa, hiyo si habari ya lori la 1974.

Sasa jipime. Soko lilipofunguliwa na salfa ya kuzuia ubwiriunga ikaenea mashambani katika miaka ya 1990, korosho zilirudi hadi kuvuka tani 100,000, na watu hawakurudi kwenye mahame kwa wingi. Vijiji vilibaki palepale. Eleza hilo katika rasimu yako, la sivyo mshale wako umevunjika. Na ukipita Mtwara au Lindi, ulizia viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo kwa matarajio ya zile tani za zamani, vikamalizika wakati hakuna korosho za kubangua.

3. Shamba la kijiji lilikufa kwenye kalenda.

Nani kasema wakulima walikuwa wavivu? Nikiikuta tena sentensi hiyo narudisha rasimu. Mvua za kwanza zikinyesha, siku za kupanda ni chache, na mwenye akili anaanza na shamba litakalomlisha. Shamba la kijiji lilipandwa baadaye, likapaliliwa baadaye zaidi, na mahindi yaliyochelewa yakazaa kidogo. Mavuno yakigawanywa kwa kuhesabu siku za mahudhurio, aliyeegemea jembe na aliyelima walipata sawa. Mwaka uliofuata, hata aliyelima akaegemea. Ndiyo maana sehemu nyingi zikageukia bega kwa bega: eneo moja, kila kaya na kipande chake.

4. Takwimu za Shirika la Usagishaji ni za mahindi yaliyonunuliwa, si yaliyovunwa. Yaliyoliwa nyumbani na yaliyovuka mpaka usiku hayamo.

5. Ukame wa 1973 hadi 1975 uliangukia palepale kwenye kuhama. Tafuta kata ambako watu hawakuhamishwa, ulinganishe.

6. Msitumie Isimani kama picha ya nchi nzima. Ndiyo, Dakta Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi siku ya Krismasi 1971. Lakini Isimani ilikuwa nchi ya mahindi ya biashara, ya matrekta na vibarua, ambako wachache walimiliki mamia ya ekari. Kwa mtu kama huyo ujamaa ulimaanisha kupoteza ardhi. Kwa mkulima mdogo wa Newala ulimaanisha umbali, na kwa mwingine ulimaanisha bomba la maji na shule ya kwanza kuiona karibu. Rasimu inayowaweka hao watatu katika neno "wananchi" nitairudisha na wino mwekundu, na kalamu ninazo za kutosha.