Kadi mbili kwa uwanja mmoja

*"Mama, sherehe ya lisansi yangu tunafanyia nyumbani, Kadutu. Nina watu mia na ishirini kwenye orodha, na uwanja wetu unaujua. Mwaliko niuandike namna gani, na programu, ili nisimkasirishe mtu na watu wasikanyagane?"*

Mwanangu,

Kabla ya kushika kalamu shika kamba, upime uwanja. Mimi naukumbuka kuwa mita nane kwa sita. Toa njia ya mita moja kutoka mlangoni hadi jikoni, toa mahali pa meza yako na ya modereta, toa kona ya vinywaji na chakula. Zinabaki kama mita thelathini za mraba. Kiti cha plastiki pamoja na magoti ya mwenye kukikalia kinakula karibu nusu mita ya mraba, basi ni viti sitini, tena vya kupangwa kwa mistari bila meza. Sebuleni vitaingia viti vinane vingine. Hivyo vya sebuleni usiviandikie kadi yoyote, viache kwa wale ambao lazima watatokea bila kualikwa. Unawajua.

Kwa hiyo watu mia na ishirini ni zamu mbili, na zamu mbili ni kadi mbili tofauti. Usiandike kadi moja yenye saa mbili juu yake, maana kila mtu atachagua saa anayoipenda, na wote watapenda ya chakula. Wazee, watu wa kanisa na familia waje mchana. Wanafunzi wenzako na watu wa kazini waje jioni. Kadi ya mchana ningeiandika hivi:

> *Familia yetu inawaalika kwa furaha Baba na Mama ……… kwa chakula cha mchana na sala ya shukrani, kwa ajili ya lisansi ya mtoto wetu ………*
> *Jumamosi tarehe ………, kuanzia saa sita mchana (12:00) hadi saa tisa (15:00).*
> *Nyumbani kwetu, Kadutu. Gari haifiki mlangoni: iacheni kwenye lami, protokoli atawapokea chini ya ngazi.*
> *Kadi hii ni ya watu wawili. Tafadhali tujulisheni kabla ya Jumatano kama mtafika.*

Angalia mstari wa wageni. Nimeandika "Baba na Mama", sikuandika "na familia". Maneno hayo mawili, "na familia", ndiyo yanayovunja geti. Anayeyasoma anahesabu watoto, shemeji, na msichana wa kazi wa kubeba mtoto, na hana kosa, wewe ndiye uliyemwalika. Na unapohesabu, hesabu watu, si kadi: kadi thelathini za "Baba na Mama" zimekwisha kujaza uwanja.

Saa ya kumaliza iandike bila aibu. Wengine watasema ni kama kuwafukuza wageni. Lakini mzee akijua saa tisa ndiyo mwisho, anafika saa sita na nusu. Asipoijua anafika saa nane, anakaa kwenye kiti cha mgeni wa jioni, na hakuna atakayethubutu kumwinua.

Kadi ya jioni iseme saa kumi (16:00) hadi saa moja usiku (19:00), na mahali pa "chakula cha mchana" uandike "vinywaji na vitafunio". Mtu aliyesoma hivyo hawezi kungojea bugali na nyama, atafurahi na sambaza na brosheti. Saa nzima kati ya zamu ni ya kufagia, kuosha glasi na kubadilisha vitambaa, usiiguse. Ila kuna jambo moja: wa jioni wasijione wamealikwa kula mabaki. Keki ikatwe jioni, baraka ya wazee iwe mchana. Hapo hakuna atakayeuliza nani alipewa sherehe ya kweli.

Sasa programu. Hapa niliumia mwenyewe, siku ya kaka yako. Tuliandika hotuba tisa, na chini yake "chakula". Tulipofika hotuba ya sita mvua ikanyesha, watu sabini wakaingia sebuleni na njaa yao. Namwona bado mjomba wako amenyanyua keki juu ya vichwa, krimu ikajipaka kwenye pazia jeupe, na modereta bado anasoma jina la msemaji wa saba.

Tangu siku hiyo naandika programu mbili. Ya wageni inakaa nyuma ya kadi, mistari sita, bila dakika: *Sala. Neno la ukaribisho. Chakula. Maneno ya familia. Kado. Baraka na picha.* Usichapishe karatasi nyingine. Mahali pasipo na meza, karatasi inakwenda chini ya viti.

Ya pili ni ya modereta peke yake, na ina dakika na jina la mhusika. Sala saa sita na dakika arobaini, dakika tano. Ukaribisho, dakika tano. Kisha chakula, mbele ya hotuba. Najua si desturi, lakini mtu mwenye sahani mapajani hatembei, na uwanja mdogo unaumizwa na kutembea. Chakula kisijipangie foleni. Wagawaji wawili wapeleke sahani zilizojazwa, wazee kwanza. Sahani moja ikichukua sekunde arobaini, sitini zinamalizika kwa dakika ishirini. Watu wanapotafuna ndipo wasemaji watatu wanasimama, dakika tano kila mmoja: upande wa baba, upande wa mama, na kanisa. Majina yao yaandikwe. Ukiandika "na wengine" umefungua soko.

Kado ndizo zinazokula saa. Wageni sitini, kila mmoja akija akicheza, akakukumbatia, akapigwa picha, ni dakika moja kwa mtu: saa nzima, na msururu wao umeziba njia ya jikoni. Andika "kado kwa makundi": modereta aite upande wa baba, wote waje mara moja, kisha upande wa mama, kisha kanisa, kisha majirani. Dakika thelathini zinatosha. Mwenye bahasha aitie kwenye kikapu mlangoni.

Pembeni ya karatasi ya modereta andika kwa kalamu nyekundu: *Mvua ikianza, ruka hotuba zilizobaki, nenda baraka.* Asiamue mwenyewe wakati huo, ataogopa kumkata mzee. Wasemaji pia waambie mapema.

Na picha ya wote, ambayo iko mwisho kabisa, isipigwe uwanjani. Modereta atangaze kwamba mpiga picha anangoja nje, kwenye ngazi. Watu watatoka wenyewe, na mikoba yao, wakitabasamu. Wakishatoka, protokoli afunge nusu ya geti na vijana waanze kufagia.

Majirani usiwape kadi kwa mkono wa mtoto. Nenda mwenyewe wiki mbili kabla, maana utawaomba viti na utawapigia kelele siku nzima. Shangazi yako vilevile usimtumie picha ya kadi kwa Watsapu, atasema hukumwalika. Yake uiandike kwa mkono, na juu yake weka "mtu mmoja". Atakuja na watatu. Ndiyo sababu ya vile viti vinane.

Nitapanda kutoka Uvira Alhamisi. Orodha uwe umeikata katikati nikifika.

Mama yako