Rangi tatu na maswali ya pambizoni

*Mwalimu, noti zangu za kuchapwa nimezipaka hailaita mpaka kurasa ni njano tupu. Usiku wa kuamkia mtihani sijui nianzie wapi. (Mwanafunzi, Langoni, Lamu)*

Ulipaka ukisoma mara ya kwanza, mwanangu, na mara ya kwanza kila sentensi huonekana nzito. Anza na penseli, uweke kistari tu pembeni. Mada ikiisha, rudi sasa na rangi tatu ambazo kazi yake haibadiliki katika somo lolote: njano kwa istilahi na maana yake, kijani kwa sababu, waridi kwa namba.

Tuseme ukurasa wako wa jiografia umeandikwa hivi: "Bamvua hutokea mwezi unapoandama na unapopevuka, kwa kuwa jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja. Kati ya maji kujaa na kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25." Paka njano "bamvua", "unapoandama" na "unapopevuka", kijani "mstari mmoja", waridi "saa 12 na dakika 25". Mengine yaache meupe. Kisha unyooshe mkono na uutazame ukurasa kwa mbali: rangi ikizidi weupe, umepaka kupita kiasi.

*Pambizoni niandike nini? Mimi hunakili maneno ya mhadhiri tu.*

Andika swali, na jibu lake liwe kwenye mstari ulio mkabala nalo. Hapo juu ungeandika "Kwa nini bamvua?" na chini yake, penye aya ya maji mafu, "Maji mafu siku zipi?" Funika matini kwa karatasi, uyaache maswali wazi, ujibu kwa sauti ndipo ufunue. Rangi peke yake hukudanganya: jicho hulitambua neno, nawe ukadhani unalijua. Wanafunzi wangu wengi huijibu bamvua bila shida, lakini kwenye maji mafu hukwama, wakasahau kwamba ni siku za nusu mwezi, jua na mwezi vinapovuta kwa pembe mraba. Swali ulilokosa litie nukta ya penseli. Usiku wa mwisho pitia yenye nukta tu.

Pambizo ikiwa nyembamba, chapisha upande mmoja wa karatasi, maswali uyaandike nyuma ya ukurasa uliotangulia.

*Nikipitisha hailaita, wino unatapakaa. (Malindi)*

Noti hizo zimechapwa kwa printa ya wino wa maji. Zitoe fotokopi kwanza, upake nakala: wino wa fotokopi ni unga ulioyeyushwa kwa joto ukagandamana na karatasi, hautapakai.

Ila mwenzako akitoa nakala nyeusi ya noti ulizokwisha kupaka, njano kwa kawaida hupotea kabisa. Kwa hiyo kando ya kila rangi andika herufi ndogo kwa biro: M ya maana, S ya sababu, N ya namba. Herufi hizo zitamfaa pia asiyetofautisha kijani na waridi.