Kiatu cha mguu wenye ganzi hupimwa kwa karatasi

Muuzaji wa viatu huwa na swali moja, "Kinabana?", na kwa mtu ambaye kisukari kimemwondolea hisia za miguuni swali hilo halina maana. Mguu wenye ganzi hauoni kubanwa mpaka ubanwe sana, na ndiyo maana wagonjwa wengi huchagua kiatu kidogo kuliko mguu wao: kile kinachowatosha vizuri huwapwaya kwa hisia, na kile kinachowaumiza huwatulia. Kliniki walipompima mama yangu kwa kumgusa nyayo kwa kijiuzi cha plastiki, naye akiwa amefumba macho asitambue anaguswa wapi, ununuzi wa viatu vyake ukawa kazi yangu, na tangu hapo tunategemea karatasi na rula.

Upimaji tunaufanya jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Mama husimama juu ya karatasi ngumu, uzito wake wote ukiwa miguuni, nami huchora kila mguu nikiishika kalamu wima. Mguu wake wa kushoto una urefu wa sentimita 24.5, na sehemu pana zaidi, pale vidole vinapoanzia, ni sentimita 9.8, wa kulia ni mfupi kidogo, kwa hiyo tunafuata wa kushoto. Ndani ya kiatu kunatakiwa kubaki nafasi ya sentimita 1 hadi 2 mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, yaani urefu wa ndani uwe kati ya sentimita 25.5 na 26.5. Namba 38 aliyoizoea ilikuwa na sentimita 25 tu. Namba 39 ilikuwa na 25.8, lakini tulipochomoa soli yake ya ndani na kuilaza juu ya mchoro, karatasi ilitokeza pande zote mbili, dalili kwamba kidole gumba na kidole cha mwisho vingesuguliwa kila hatua. Suluhisho lilipatikana kwenye rafu ya viatu vya kiume, ambavyo kwa namba ileile mara nyingi huwa vipana zaidi. Mama alinuna kidogo kwa sababu ya umbo la viatu hivyo, nami simlaumu.

Kiatu ambacho soli yake ya ndani haichomoki hukinunui kwa kubahatisha. Ingiza karatasi iliyokatwa kwa umbo la mguu na uone kama inajikunja pembeni.

Baada ya vipimo, ingiza mkono ndani na upapase kote, hasa sehemu ya vidole. Mishono minene, ncha ya msumari au bitana iliyokunjamana hutoboa ngozi bila mwenye mguu kujua. Sehemu ya juu iwe laini na yenye kina, kwa sababu vidole vya miguu yenye ganzi mara nyingi hujikunja na vifundo vyake husugua paa la kiatu. Soli ya chini iwe nene kiasi cha kuzuia mwiba, na ukikishika kiatu mbele na nyuma kikunjike kwenye vidole, si katikati. Kamba au mkanda wa kunata ni lazima, kwani kiatu cha kuchomeka tu hushika mguu kwa kuubana. Ndala siziruhusu hata kidogo: kigingi cha katikati ya vidole huchubua, na kisigino hubaki wazi.

Mitumba naitilia shaka hata ikiwa ya ngozi safi, kwa kuwa soli ya ndani imeshabonyea kwa mguu wa mwenyewe wa kwanza na kisigino kimelika upande mmoja.

Kiatu kipya huvaliwa saa moja au mbili tu siku za mwanzo, kisha huvuliwa na miguu kukaguliwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo mimi hugusa kwa mgongo wa mkono kutafuta sehemu yenye joto kuliko mahali hapohapo kwenye mguu wa pili, na huangalia weusi mpya, malengelenge au sugu. Alama ambayo haijatoweka baada ya nusu saa inaonyesha kiatu kinapogandamiza, na hakivaliwi tena.

Haya yote ni kwa mguu ambao umbo lake halijaharibika na haujawahi kupata kidonda. Aliyewahi kuwa na kidonda, aliyekatwa kidole, au ambaye mifupa ya mguu imebadilika, huhitaji kiatu au soli ya kutengenezewa na wataalamu wa vifaa vya viungo, kama wale wa karakana ya hospitali ya KCMC mjini Moshi. Na mguu uliovimba ghafla na kupata joto, hata bila maumivu, upelekwe hospitali siku hiyohiyo, bila kuukanyagia.