Barua ya kuomba dhamana ya zabuni benki

"Nina zabuni ya halmashauri hapa Dodoma, wanataka dhamana ya milioni 4. Nimwandikie nini meneja wa benki?"

Taja kiasi kwa tarakimu na maneno, namba na jina la zabuni, mnufaika, yaani halmashauri hiyo, na tarehe ya mwisho ya dhamana. Usiandike "siku 120" peke yake, iandike tarehe yenyewe. Mfano, zabuni inafungwa 2 Juni na bei yako inadumu siku 120, yaani hadi 30 Septemba. Nyaraka zikidai dhamana ipite hapo kwa siku 28, ni 28 Oktoba. Pungufu ya siku moja tu unaweza kuenguliwa.

Jina la mnufaika linakiliwe kutoka kwenye nyaraka, herufi kwa herufi. Ambatanisha fomu yao ya dhamana, maana benki nyingine hutoa ya kwao. Na usisubiri wiki ya mwisho, watataka uzuie hela kwenye akaunti au uweke hati.

— Siku 120 zinatosha kaka, ndizo zipo kwenye tangazo.

— Hizo ni za zabuni, mkuu. Za dhamana soma kwenye jedwali la masharti.

— Mimi kule Kondoa nilisaini tamko tu badala ya dhamana, benki sikwenda kabisa.

— Inategemea nyaraka zako zilitaka nini, dada. Nyaraka za huyu aliyeuliza zimetaja kiasi cha dhamana.

— Na wakisogeza tarehe ya kufunga, benki itanidai kamisheni tena?