Meseji Tupu kwenye Simu ya Biashara

Namba ya simu niliyoandika kwenye magunia yangu ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, huletewa meseji tupu, hasa na watu wapya. Unafungua, unaona namba na saa, chini hakuna neno. Wenzangu wengi hujibu papo hapo: "Dagaa wapo, bei ni hii." Mimi sikubaliani nao.

Vitochi vingi hukubali kutuma SMS isiyo na herufi hata moja. Mtu amechagua namba, kidole kikagusa kutuma kabla hajaanza kuandika. Mwingine ametuma kutoka simu janja emoji tupu, na kitochi changu cha zamani hakizitambui, kinaonyesha visanduku au uwazi. Wapo wanaoambatisha picha. Hiyo huenda kwa MMS, na simu isiyo na mipangilio yake haiwezi kuipakua. Uwazi unaniambia kwamba maneno hayakufika. Alichokitaka mtu hauniambii.

Ndiyo maana sipendi swali la "Unahitaji dagaa?" Mgeni mwenye adabu huitikia ndiyo ili asikukatishe, kisha shida yake halisi inabaki nyuma ya bei na magunia. Mimi humwambia nilichokiona tu:

"Habari. Meseji yako ya saa 3 asubuhi imefika bila maandishi. Tafadhali niandikie tena, au nipigie."

Sitaji bidhaa wala bei, na simwambii kwamba amebonyeza kimakosa, maana hilo nalo ni kukisia. Saa naitaja ili ajue ni meseji ipi, kwani huenda ametuma kadhaa.

Kuna mama wa Nansio, Ukerewe, aliyeniletea uwazi wa namna hiyo. Nilipomjibu hivyo, alipiga. Kumbe alikuwa amepiga picha gunia lake lililoloa akiwa safarini kuja Mwanza, akitaka kujua kama nina nafasi ya kulianika kabla dagaa hawajaoza. Alikuwa muuzaji mwenzangu! Ningemtajia bei, angeona namfukuzia pesa huku mali yake ikiharibika.

Ikija tupu tena, namwomba aandike neno moja la kawaida, kwa mfano SALAMA, bila picha wala emoji. Likifika, njia ni nzima, na huenda kilichokwama ni kile alichoambatisha, basi namwomba akieleze kwa maneno. Lisipofika, nahamishia laini yangu kwenye simu nyingine na kumwomba atume upya, kwa sababu meseji iliyokwisha kupokelewa hairudi yenyewe. Huko nako ikiwa tupu, napiga.

Asipojibu kabisa, simrudii. Huenda simu ilijibonyeza mfukoni, na huenda ni mtu anayepima kama namba inatumika. Kwa hiyo katika jibu la kwanza siweki jina langu kamili, mahali ninapolala wala namba ya kupokelea pesa.