Kliki ya KSh 60 itakugharimu zaidi ya ile ya KSh 520

SWALI: Tuko watu wanne Nairobi, tunauza programu ya mishahara kwa KSh 4,500 kwa mwezi. Tumeweka tangazo LinkedIn tukilenga mameneja wa rasilimali watu. Kliki moja inatukata KSh 520. KSh 30,000 zimeisha, wawili tu wameacha namba na hakuna aliyenunua. Kuna mtaalamu anasema ataishusha kliki hadi KSh 60. Nimpe kazi?

JIBU: Usimpe. Namna anavyoishusha naijua, kwa sababu kila mwezi naletewa akaunti zilizopita mikononi mwa watu kama yeye. Ataacha alama ya tiki kwenye LinkedIn Audience Network, tangazo lako lizunguke kwenye programu na tovuti za watu wengine, mahali ambapo mtu analigusa kwa kidole akitafuta pa kulifunga. Ataacha tiki nyingine kwenye Audience Expansion, mfumo uongeze watu "wanaofanana" na uliowachagua. Kisha atafuta vyeo na kubakiza nchi. Kliki zitashuka bei kweli, utaletewa grafu nzuri, na simu yako haitalia.

Kinachonichosha ni imani hii kwamba kliki ghali ni kliki mbaya. LinkedIn unalipia cheo cha mtu, na wenye cheo hicho ni wachache huku wanaowagombania ni wengi: benki, vyuo, kampuni za bima. Bei inapangwa kwa mnada. Swali la maana ni mteja mmoja anakugharimu kiasi gani, na anakurudishia baada ya muda gani.

Tupige hesabu yako. KSh 30,000 kwa KSh 520 ni kliki kama 58, na wawili wameacha namba, yaani mmoja kwa kila kliki 29. Namba mbili ni chache mno kuhukumia tangazo, lakini tuzichukue zilivyo. Tuseme katika kila wanne wanaoacha namba, mmoja anasaini. Utahitaji kliki 116 kupata mteja, karibu KSh 60,000. Katika zile 4,500, ukitoa gharama za kumhudumia, tuseme unabaki na 3,000. Pesa ya tangazo itarudi baada ya miezi 20. Kampuni ya watu wanne inayolipa kodi ya ofisi kila mwezi haina pumzi hiyo, hata kama mteja atakaa miaka mitano.

Sasa chukua kampuni yenye wafanyakazi 100, inayoweza kulipa KSh 20,000 kwa mwezi na kukuachia 12,000. Kliki ni ileile, gharama ya kumpata mteja ni ileile ya KSh 60,000, ila pesa inarudi kwa miezi mitano. Na akikulipa mwaka mzima mbele, inarudi siku anaposaini. Hapo ndipo kampuni ndogo inapofaidi matangazo haya: bidhaa yenye bei kubwa, inayonunuliwa na cheo kinachojulikana. Kwa kifurushi chako cha 4,500, acha. Wapigie simu wahasibu wanaoshika vitabu vya biashara ndogo.

Tena kuna kosa kwenye cheo chenyewe. Kampuni ya watu 15 haina meneja wa rasilimali watu. Mishahara inaamuliwa na mwenye kampuni, anayejiandika Director au Founder. Ukitaka kampuni kubwa, ongeza Company Size ya 51-200 juu ya cheo, uzime tiki zile mbili, na badala ya Maximum delivery uchague Manual bidding ili bei uiweke wewe. Walengwa watapungua sana. Wakishuka chini ya 300, kampeni haitaanza, kwa hiyo ongeza vyeo vya jirani kama mkuu wa fedha kabla hujagusa kitu kingine.

Kwa wengine wanaosoma hapa na wameshaahidiwa kliki za bei ya maandazi: akaunti ya matangazo iwe yako, kwa kadi yako, na huyo mtaalamu umwongeze kama mgeni tu. Wengi wao huendesha kampeni za wateja kumi ndani ya akaunti moja ya kwao, halafu wanakutumia picha ya skrini. Mwambie afungue Demographics mbele yako, achague Job Title, msome pamoja ni nani waliobofya. Mteja mmoja aliyenijia alikuwa anauza vifaa vya maabara za hospitali. Tulipofungua, juu kabisa walikuwa wanafunzi na maofisa mauzo. Alikuwa amelipia miezi minne.